Mchanganyiko wa Masoko: Kujibu Swali la Kisa bila Kuorodhesha Fasili

Katika karatasi za mitihani ya biashara iliyopita utakutana mara nyingi na maswali ya aina hii: unapewa kisa cha aya mbili au tatu kuhusu biashara fulani, kisha unaambiwa utumie mchanganyiko wa masoko kumshauri mmiliki. Wanafunzi wengi hufurahi wakiona neno "mchanganyiko wa masoko", kwa sababu wanavikumbuka vipengele vyake vinne: bidhaa, bei, usambazaji na utangazaji. Wanaandika ukurasa mzima, halafu wanashangaa kupata alama 3 kati ya 12. Sehemu hii inaonesha alama zile nyingine zinapotea wapi, kwa kutumia kisa kimoja ambacho tutakifanyia kazi hadi mwisho. Nimekitunga kwa mtindo wa maswali ya mitihani. Kisome mara mbili ukiwa na penseli mkononi.

KISA

Mjasiriamali mmoja wa Dodoma anatengeneza siagi ya karanga. Anaiuza mwenyewe katika duka lake, kwenye makopo ya gramu 400, kwa shilingi 7,000 kila kopo. Karanga na kazi humgharimu shilingi 3,600 kwa kopo, na kopo lenyewe pamoja na lebo ni shilingi 1,000. Huuza makopo 300 kwa mwezi, na wengi wa wateja wake ni wafanyakazi wa ofisini. Alijaribu kupeleka makopo katika maduka yaliyo karibu na hosteli za wanafunzi wa chuo, lakini yalirudishwa. Mwenye duka mmoja alimwambia, "Wanaisifu, ila wanasema pesa ya kopo zima hawana." Supamaketi moja iko tayari kununua makopo 500 kila mwezi kwa shilingi 5,200 kila moja, na italipa siku 60 baada ya kupokea mzigo. Muuza vifungashio anavyo vikombe vidogo vya gramu 50 vyenye kifuniko na lebo kwa shilingi 200 kimoja. Mjasiriamali ana akiba ya shilingi 1,500,000, na anafikiria kutangaza redioni kwa shilingi 400,000 kwa mwezi.

Swali: Kwa kutumia vipengele vitatu vya mchanganyiko wa masoko, mshauri mjasiriamali huyu jinsi ya kuongeza mauzo yake. (Alama 12)

Hili ndilo jibu la kawaida: "Bei ni kiasi cha fedha ambacho mteja hulipa ili kupata bidhaa. Mjasiriamali anapaswa kuweka bei nzuri ambayo wateja wataimudu ili auze zaidi." Hakuna uongo katika jibu hilo. Lakini jaribu kuondoa neno "mjasiriamali" na kuweka "fundi seremala" au "mwenye daladala". Sentensi bado inasimama. Sentensi inayoifaa kila biashara haijamshauri mtu wa Dodoma mwenye makopo yaliyorudishwa. Alama 12 kwa vipengele vitatu ni alama nne kwa kila kipengele, na fasili peke yake haiwezi kubeba alama nne. Fanya jaribio hili la kubadilisha jina kwa kila sentensi unayoandika. Sentensi ikikubali jina lolote, irudishe kwenye kisa au ifute.

Sasa turudi kwenye kisa. Mtunga mtihani hajaza maneno. Kila tarakimu na kila kauli ya mtu imewekwa ili uitumie. Kauli yenye thamani kubwa hapa ni ile ya mwenye duka, nayo ina mtego. Mwanafunzi anayesoma haraka huona neno "pesa" na kukimbilia kushauri bei ishuke. Tujaribu ushauri huo kwa hesabu kabla ya kuuandika.

Gharama ya kopo ni 3,600 + 1,000, yaani shilingi 4,600. Kwa bei ya 7,000, kila kopo huleta faida ya shilingi 2,400, na makopo 300 huleta shilingi 720,000 kwa mwezi. Akishusha bei hadi 5,500, faida kwa kopo inakuwa shilingi 900. Ili apate 720,000 zile zile, itabidi auze makopo 800. Na mwanafunzi wa hosteli ambaye hana 7,000 mfukoni huenda hana 5,500 pia. Wafanyakazi wa ofisini, ambao walikuwa wakilipa 7,000 bila kulalamika, ndio watakaofaidika na punguzo ambalo hawakuliomba.

Soma tena kauli ile: "Wanaisifu, ila wanasema pesa ya kopo *zima* hawana." Hawakusema siagi ni ghali. Wamesema kopo ni kubwa kwa pesa waliyo nayo kwa siku. Tatizo lililojitokeza kama la bei, kumbe liko kwenye bidhaa, na hasa kwenye ukubwa wa kifungashio. Wewe mwenyewe unaijua hali hii kutoka duka la mtaani, ambako mtu hununua mafuta ya kula ya kupima kila siku ingawa anajua kwamba dumu zima lingemtoka kwa nafuu zaidi. Ananunua kulingana na pesa iliyoko mfukoni leo.

Kwa hiyo jibu la kipengele cha bidhaa litaandikwa hivi:

"Mjasiriamali aanze kufungasha siagi katika vikombe vya gramu 50 kwa ajili ya maduka ya karibu na hosteli, huku akiendelea na kopo la gramu 400 kwa wateja wake wa ofisini. Wanafunzi wanaipenda siagi hiyo, ila hawana pesa ya kopo zima, na ndiyo maana makopo yalirudishwa. Kikombe kidogo kitawawezesha kununua kwa pesa ya siku moja."

Hakuna fasili hapo, na msahihishaji ataona wazi kwamba unajua bidhaa ni nini, kwa sababu umeitumia.

Bei sasa inafuata yenyewe, kwa sababu umeshabadilisha bidhaa. Siagi na kazi kwa gramu 400 ni shilingi 3,600, hivyo kwa gramu 50 ni shilingi 450. Ongeza kikombe cha 200, gharama inakuwa 650. Akimuuzia mwenye duka kwa 850, naye mwenye duka akauza kwa 1,000, mjasiriamali anapata faida ya 200 na mwenye duka 150. Kwa kila gramu mwanafunzi atalipa shilingi 20, wakati mnunuzi wa kopo analipa shilingi 17.50. Itaje tofauti hiyo katika jibu lako. Inaonesha kwamba umeona kuwa bei ndogo si lazima iwe bei nafuu, na kwamba sehemu ya ongezeko hilo inatokana na kifungashio. Bei ya 1,000 ni pendekezo lako, haimo katika kisa. Unaruhusiwa kupendekeza, mradi uoneshe ilivyopatikana kutokana na gharama zilizotolewa. Usichoruhusiwa ni kubuni taarifa, kwa mfano kusema wanafunzi wa hosteli ni 5,000, kisha ukajenga jibu juu yake.

Usambazaji ndiko wanafunzi wazuri wanakojitofautisha, kwa sababu supamaketi inavutia. Makopo 500 kwa mwezi ni mengi kuliko yote anayouza sasa! Faida ni shilingi 600 kwa kopo, sawa na 300,000 kwa mwezi. Wengi huishia hapo na kuandika "akubali". Lakini kisa kimesema siku 60, na kimesema pia akiba ni 1,500,000. Makopo 500 yanahitaji shilingi 2,300,000 kuyatengeneza. Akiba haitoshi hata mzigo wa mwezi wa kwanza, na kabla ya malipo ya kwanza kuingia atakuwa ametoa mizigo miwili, yaani shilingi 4,600,000. Biashara inaweza kuwa na faida kwenye karatasi na bado ikakosa pesa ya kununulia karanga.

Ushauri bora ni kuomba kuanza na makopo 100 kwa mwezi. Mizigo miwili itagharimu shilingi 920,000, na akiba itabaki 580,000, ambayo inatosha kutengeneza vikombe karibu 900 vya kuanzia kwa ajili ya hosteli. Hapa jibu lako limeviunganisha vipengele vitatu kwa akiba ile ile moja, jambo ambalo fasili nne zilizopangwa mstari haziwezi kufanya. Weka pia sharti: "Ikiwa supamaketi itakataa makopo 100, asikubali 500 mpaka apate malipo ya awali au siku chache zaidi za kusubiri." Neno "ikiwa" ni la thamani katika maswali ya "tathmini" na "jadili", kwa kuwa linaonesha unajua ushauri wako unategemea nini. Katika swali la "orodhesha" lingekuwa kupoteza muda, kwa hiyo soma kitenzi cha swali kwanza.

Swali limetaka vipengele vitatu, nasi tumeshavitumia. Usiongeze cha nne kwa hofu. Kama ungechagua utangazaji badala ya kimojawapo, hoja ni fupi: shilingi 400,000 za redio zinahitaji makopo ya ziada 167 ili zirudi, yaani zaidi ya nusu ya mauzo ya sasa, na msikilizaji wa mbali hatajua aipate wapi siagi inayouzwa katika duka moja. Kuonjesha siagi na mkate kwenye maduka ya hosteli kunawafikia watu ambao watakuwa wamesimama mita moja kutoka kwenye kikombe cha 1,000.

Jambo moja kuhusu visa vya huduma, kama saluni au nyumba ya wageni: baadhi ya vitabu huongeza watu, mchakato na ushahidi wa kuonekana, na vipengele vinakuwa saba. Vitumie pale tu kisa kinapovigusa. Kisa kikisema wateja wa saluni wanasubiri saa mbili, huo ni mchakato.

ZOEZI

Rudia kisa hiki kwa kubadilisha kauli moja. Badala ya kusema kwamba hawana pesa ya kopo zima, wanafunzi wanasema, "Hatujui kama ni salama, kopo halina hata tarehe." Tarakimu nyingine zote zibaki kama zilivyo.

(a) Je, vikombe vya gramu 50 bado ni ushauri wa kwanza? Toa sababu kutoka katika kisa. (Alama 4)

(b) Mjasiriamali ameamua kutumia sehemu ya akiba yake kuboresha lebo na kuomba alama ya ubora ya TBS. Eleza jinsi uamuzi huo utakavyoathiri bei ya kopo na idadi ya makopo anayoweza kuahidi supamaketi. (Alama 8)