Andika Kanuni Kwanza, Ndipo Uangalie A Mpaka D

Mwaka wa mwisho ukikaribia, wengi wetu tunaanza kukutana na mitihani ya mchujo ya ajira, ile yenye maswali ya mfululizo wa namba na herufi. Nimekuwa nikifanya mazoezi ya maswali haya na wenzangu pale vimbwetani, na naona kinachoangusha watu si hesabu. Hesabu zake nyingi ni za shule ya msingi. Tatizo ni kwamba mtu anasoma namba tatu za mwanzo, anapata wazo, macho yanakimbilia machaguo, anakuta jibu lake lipo, anazungushia. Sasa kulikuta jibu lako pale si ushahidi kwamba umepatia. Mtunzi wa swali anajua utakosea wapi, na jibu la kosa hilo amekuwekea.

Tuchukue swali hili:

3, 4, 7, 12, 19, ?
A. 26  B. 28  C. 31  D. 38

Ukiangalia haraka, 3 na 4 ni 7. Basi unasema kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia, unajumlisha 12 na 19, unapata 31, na C ipo inakusubiri. Mwingine anaona kutoka 12 kwenda 19 imeongezeka 7, anaongeza 7 tena, anapata 26. Naye anaikuta A. Wa tatu anazidisha 19 mara mbili, anapata D. Wote watatu wamefurahi, na wote wamekosa.

Njia ninayoitumia ni kufunika machaguo kwa kiganja au karatasi, kisha kuandika tofauti kati ya kila namba na inayofuata. Hapa tofauti ni 1, 3, 5, 7. Baada ya hapo naandika kanuni kwa sentensi fupi: "Ongeza namba witiri, kuanzia 1." Halafu naipitisha kanuni kwenye mfululizo wote tangu mwanzo: 3 na 1 ni 4, 4 na 3 ni 7, 7 na 5 ni 12, 12 na 7 ni 19. Imepita kote. Inayofuata ni kuongeza 9, jibu ni 28. Hapo tu ndipo naondoa kiganja.

Rudi sasa kwenye ile kanuni ya jumla. Ingepitishwa namna hiyohiyo, ingekwama mapema: 4 na 7 ni 11, wakati swali linasema 12. Kanuni ikikosea namba moja tu, imekufa. Usiifanyie huruma eti kwa sababu imepatia nyingine.

Kuna jambo hapa ambalo watu hulipita. Namba ulizozitumia kutengeneza kanuni haziwezi kuwa shahidi wa kanuni hiyo. Chukua 2, 4, 8. Ukisema "zidisha kwa 2", inayofuata ni 16. Ukisema "ongeza 2, kisha 4, kisha 6", inayofuata ni 14. Zote mbili zinakubaliana na namba tatu ulizopewa. Ni namba ya nne ndiyo itakayoamua, na kama kuna ya tano, itathibitisha. Kwa hiyo wazo lililotokana na namba tatu lichukulie kama tetesi mpaka namba zilizobaki zilikubali.

Wanahisabati wanajua kwamba hata namba tano hazifungi mlango kabisa. Weka nukta kwenye mzingo wa duara, ziunganishe zote kwa mistari, hakikisha hakuna mistari mitatu inayokatana mahali pamoja, kisha hesabu vipande vya ndani. Nukta 1 hadi 5 zinakupa vipande 1, 2, 4, 8, 16. Nukta 6 zinakupa 31, si 32. Lakini mtihani hauulizi mambo ya duara. Unatafuta kanuni rahisi kuliko zote inayopita kwenye namba zote ulizopewa. Ukiwa na kanuni mbili zinazopita, chagua ile yenye maneno machache. Mara nyingine hazigombani kabisa: swali letu la kwanza unaweza pia kuliandika n² + 3, ukianza na n = 0, na bado utapata 28.

Kuna wakati tofauti zinagoma kabisa. Tazama hii:

4, 30, 7, 25, 11, 20, 16, ?

Tofauti zake zinaruka juu na chini: +26, −23, +18, −14, +9, −4. Mfululizo ukiwa mrefu halafu unapanda na kushuka kwa zamu, shuku kwamba ni mifululizo miwili imesukwa pamoja. Soma ukiruka moja. Wa kwanza ni 4, 7, 11, 16, unaoongezeka kwa 3, 4, 5. Wa pili ni 30, 25, 20, unaopungua kwa 5. Kabla ya kujibu, hesabu nafasi: alama ya kuuliza iko nafasi ya nane, kwa hiyo ni zamu ya mfululizo wa pili. Jibu ni 15. Aliyesahau kuhesabu nafasi ataendeleza ule wa kwanza, atapata 22, na usishangae 22 ikiwa kwenye machaguo.

Kwenye herufi kazi ni ileile, ila kwanza geuza herufi kuwa namba: A ni 1, B ni 2, mpaka Z ni 26. Juu ya karatasi ya kufanyia kazi andika vituo vitano tu: E 5, J 10, O 15, T 20, Y 25. Herufi nyingine utazihesabu kutoka hapo.

Tuseme umepewa B, E, I, N, ?. Namba zake ni 2, 5, 9, 14. Zinaongezeka kwa 3, 4, 5, kwa hiyo inayofuata ni 14 na 6, yaani 20, ambayo ni T. Angalia hapa kwa sisi tuliozoea alfabeti ya Kiswahili. Haina Q wala X, lakini mitihani hii mara nyingi hutumia ile ya Kiingereza yenye herufi 26. Ukihesabu kwa vidole kutoka N bila Q, hatua sita zinakufikisha U. Kanuni yako ilikuwa sahihi, ila jibu limepotea kwenye kuhesabu. Ndiyo maana nasema geuza kuwa namba. Ukizidi 26, toa 26 uanze upya: V ni 22, ukiongeza 7 ni 29, ukitoa 26 inabaki 3, yaani C.

Na muda je? Kujaribu tofauti, kisha kuzidisha, kisha kusoma kwa kuruka moja, kunachukua kama dakika moja ukishazoea. Vyote vitatu vikigoma, wekea swali alama, nenda mbele, urudi mwishoni.

Jaribu hili, machaguo yakiwa yamefunikwa:

2, 3, 5, 9, 17, ?
A. 25  B. 26  C. 31  D. 33

Jibu ni D. Ila usijipe alama mpaka uwe umeandika kanuni yake kwa sentensi moja, na uweze kumweleza mwenzako kwa nini aliyechagua B aliona 2 na 3 ni 5, na ni namba ipi ilipaswa kumzuia.