Soma Tangazo la Kazi Mpaka Mwisho: Ajira ya Kudumu, ya Muda Maalumu, Kibarua na Majaribio

Malalamiko yanayotufikia kutoka Mwanga, Gungu, Ujiji na Kibirizi yanafanana. Mtu anaona tangazo, anatazama mshahara, anaanza kazi kwa ahadi ya mdomo, kisha siku moja anaambiwa kesho asije. Tumelisema hili kwenye mikutano ya mitaa, na tunalirudia: usianze kazi bila karatasi.

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri akupe maelezo ya maandishi unapoanza kazi. Yanataja mahali pa kazi, saa za kazi, malipo, na zaidi ya yote aina ya mkataba na muda wake. Mkifika kwenye shauri na mwajiri akashindwa kutoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana unamwangukia yeye. Wengi hawalijui hilo, na waajiri wengine wangependa msilijue.

Tuchukue matangazo matatu ya mfano. La kwanza ni mtunza ghala wa shirika linalohudumia wakimbizi Nyarugusu: shilingi 700,000 kwa mwezi, mkataba wa miezi 12, majaribio miezi 3. La pili ni mhudumu wa nyumba ya wageni Mwanga: shilingi 350,000, ajira ya kudumu, majaribio miezi 6. La tatu ni kubeba na kuanika dagaa mwaloni Kibirizi: shilingi 15,000 kwa siku.

Anza na la tatu, maana ndilo linalodanganya macho. Ukizidisha 15,000 kwa siku 26 unapata 390,000, umempita mhudumu. Lakini kibarua hulipwa siku aliyofanya kazi tu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mbalamwezi ikiangaza mitumbwi hupumzika. Ukipata siku 18, mkononi ni 270,000. Tena Serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, mwenye mshahara wa mwezi aliendelea kudai wake, kibarua alikaa nyumbani. Hata hivyo kibarua si mtu asiye na haki. Ukirudi kwa mwajiri yuleyule mara kwa mara, na siku zako kwa mwaka zikapita miezi sita kwa jumla, unastahili likizo yenye malipo. Andika siku zako kwenye daftari, na msimamizi atie saini.

Tangazo la kwanza lina mshahara mnono na tarehe ya kumalizika. Zamani mkataba wa muda maalumu ulikuwa wa wataalamu na mameneja. Marekebisho ya mwaka 2025 yameufungua kwa hali nyingine, zikiwemo kazi za msimu, mradi wenye kikomo na kazi inayogharamiwa na mfadhili wa nje. Miezi 12 ikiisha, mkataba unakufa wenyewe bila kosa la mtu. Kudai uongezewe kunahitaji msingi, kwa mfano uliwahi kuongezewa kabla au mwajiri alikuahidi. Ahadi hiyo uitake kwa maandishi. Kwa upande mwingine, akikukatiza baada ya miezi sita bila sababu halali unaweza kudai mishahara ya miezi iliyobaki.

Sasa majaribio, ambayo watu huyasoma vibaya kuliko yote. Majaribio si aina ya nne ya ajira. Ni kipindi cha mwanzo ndani ya ajira ya kudumu au ya muda, na kanuni zinasema kisizidi miezi 12. Mshahara wako na michango ya NSSF vinaendelea. Ila kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Kwa hiyo “ajira ya kudumu” ya Mwanga ni dhaifu sana nusu mwaka wa kwanza. Miezi ikipita na mwajiri akanyamaza, usijihesabu umethibitishwa: Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kuthibitishwa hakuji kwa muda kupita tu. Nenda kaombe barua. Naye mwajiri akiona kasoro anapaswa kukueleza na kukusikiliza kabla ya kukuondoa.

Tunarudia: usianze kazi bila karatasi. Na kabla ya kutia saini, uliza mambo mawili: mkataba unakwisha lini, na majaribio yanakwisha kwa barua gani.

Watumishi wa umma wana sheria na taratibu zao za ziada. Zanzibar ina sheria yake.

Ukiachishwa na unaona umeonewa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ujaze fomu CMA F1 ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Madai mengine, kama mishahara isiyolipwa, yana siku 60. Aliyechelewa huanza kwa kuomba aongezewe muda na kueleza kila siku aliyochelewa, na si kila maombi hayo hukubaliwa.