Kupata mteja wa kwanza kwenye ofisi ya pamoja

Watu wengi hulipia meza kwenye ofisi ya pamoja, wakavaa visikilizi masikioni, mwezi ukaisha hawajui jina la jirani. Tumchukue mtunza hesabu kijana wa Dar es Salaam, ana cheti, ana kompyuta mpakato, hana mteja hata mmoja. Afanyeje?

Kwanza asikimbilie kulipia mwezi mzima. Tuseme kituo kinatoza shilingi 15,000 kwa siku au 200,000 kwa mwezi: asipofikisha siku kumi na nne, malipo ya siku ni nafuu zaidi. Cha msingi ni siku zipi. Makato ya kodi ya mishahara hupelekwa TRA kabla tarehe 7 ya mwezi unaofuata haijapita, na ritani ya VAT mwisho wake ni tarehe 20. Kwa hiyo aende kati ya tarehe 3 na 6, kisha 15 hadi 19. Hizo ndizo siku ambazo mwenye kampuni ndogo hukaa na bahasha ya risiti huku akiguna. Kila fani ina siku zake, na fundi wa tovuti au mchora nembo naye azitafute za kwake.

Kabla ya kulipa, apite pale siku ya kawaida mchana, isiwe siku ya semina. Siku ya semina ukumbi hujaa, lakini wengi ni watu kama yeye, kila mmoja anauza na hakuna anayenunua. Amuulize meneja wa kituo: kampuni zenye wafanyakazi wa kulipwa ziko ngapi humu? Akijibiwa kwa kuzungushwa, atafute kituo kingine. Huyo meneja ndiye mtu wa kufahamiana naye kuliko wote, kwa sababu ndiye anayeulizwa, “Unamjua mtu wa hesabu?” Amwachie sentensi moja inayobebeka: “Nafunga hesabu za mwezi za kampuni zenye watu chini ya kumi.” Akisema anafanya “masuala ya fedha kwa ujumla”, hakuna atakayemkumbuka.

Vituo atamizi ni habari nyingine. Jengo la COSTECH pale Kijitonyama, kwa mfano, ndilo lenye Buni Hub na DTBi, na vijana wa humo hasa ni wa teknolojia. Mtunza hesabu anaweza kudhani hapamhusu. Kumbe kampuni changa iliyopata ruzuku hudaiwa ripoti ya matumizi, na mara nyingi waanzilishi wake ni waandika programu wasiopenda kushika risiti. Haombi nafasi ya kutamiwa; anakwenda siku kampuni zinapoeleza kazi zao mbele ya watu, anasikiliza nani katangaza ruzuku, halafu anamfuata baada ya hapo na swali moja tu: ripoti ya kwanza inatakiwa lini?

Anayetaka kuingia kama mtamiwa asome mkataba mpaka mwisho, hasa kipengele cha hisa. Baadhi ya programu huchukua sehemu ya kampuni, na kwa kazi ya huduma isiyohitaji mtaji mkubwa, mimi naona hiyo ni bei ghali ya meza na intaneti.

Mshauri naye atafutwe kwa kazi, si kwa cheo. Kwa kijana wetu anayefaa ni mkaguzi wa hesabu aliyesajiliwa NBAA. Kijana hawezi kusaini hesabu zilizokaguliwa, na mkaguzi hapendi kuletewa boksi la risiti zisizopangwa, kwa hiyo kila mmoja ana anachokihitaji kwa mwenzake. Kituo kikipanga saa za washauri, amtumie siku moja kabla swali moja lenye mistari mitano. Baada ya wiki mbili amrudishie taarifa: nilifanya ulivyosema, kikatokea hiki. Wengi hawarudi kabisa, ndiyo maana anayerudi hukumbukwa mkaguzi anapoombwa kazi ya kupanga vitabu.

Kazi ya kwanza isiwe ya bure. Iwe ndogo na iandikwe, hata kwenye Wasapu: “Risiti na miamala ya benki ya Machi, orodha ya wadaiwa, taarifa ya faida na hasara, tarehe 10 Aprili, shilingi 200,000, nusu kabla.” Mteja akiongeza, “basi tuangalizie na Februari,” hiyo ni bei nyingine. Na kampuni ikimlipa 190,000 asidhani amepunjwa: asilimia 5 ya ada ya huduma za kitaalamu huzuiwa kama kodi. Adai hati ya zuio, maana kiasi hicho hupunguzwa kwenye kodi yake ya mwaka.

Miezi mitatu ikipita na meneja hajamwelekezea mtu hata mmoja, abadili kituo, au abadili ile sentensi.