Wastani ni kilo 10, lakini nani alipata kilo 10? Somo la mkengeuko sanifu

Ndugu wanamemba wa koperative, katika somo hili tunarudilia hesabu tuliyofanya darasani na wakulima watano. Chukueni kalamu na karatasi, tuende pole pole.

Kila mmoja wa wale watano alilima katika shamba lake kare mbili za mita 10 kwa 10, moja kando ya ingine. Katika kare ya kwanza alipanda mbegu ya maharagi tunayoiita A, katika ya pili mbegu B. Siku ya kupanda ilikuwa moja, na mavuno yalipimwa yakiwa yamekauka vizuri. Haya ndiyo yaliyotoka, kwa kilo:

Mbegu A: 8, 11, 10, 9, 12
Mbegu B: 4, 14, 10, 7, 15

Mkulima wa kwanza alipata 8 kwa A na 4 kwa B, wa pili 11 na 14, na vivyo hivyo mpaka wa tano.

Tukijumlisha A tunapata 50. Tukijumlisha B tunapata 50 vilevile. Tukigawanya kwa 5, wastani (muayene) ni kilo 10 pande zote mbili. Mmoja akasema: "Basi ni sawasawa, tuchukue ile ya bei chini." Lakini mama aliyevuna kilo 4 akajibu: "Hiyo kilo 10 haikufika mu nyumba yangu."

Mama alikuwa na haki. Kila mmoja alipewa kilo 1 ya mbegu kwa kare, kwa masharti ya kurudisha kilo 2. Kwa kilo zake 4, akirudisha 2 na kuweka 1 ya kupanda musimu unaokuja, anabaki na kilo 1 ya kupikia watoto. Wastani hauonyeshe jambo hilo. Tunahitaji namba ya pili, inayosema mavuno yanatawanyika kiasi gani kandokando ya wastani. Namba hiyo ni mkengeuko sanifu. Waliosoma shule wanaijua kwa jina la ekartipe.

Hatua kwa hatua

Tuanze na mbegu B.

Hatua ya 1. Kwa kila mavuno, toa wastani. 4 kutoa 10 ni -6. 14 kutoa 10 ni 4. Halafu 0, -3 na 5. Jumlisha hizo tano: lazima upate 0. Kama haikutoka 0, kuna kosa. Rudi nyuma kabla ya kuendelea. Na kwa sababu jumla ni 0 kila mara, hatuwezi kupima mtawanyiko kwa kujumlisha tu.

Hatua ya 2. Zidisha kila tofauti na yenyewe, ili alama ya kutoa ipotee: 36, 16, 0, 9, 25. Angalieni: -6 mara -6 ni 36, si -36. Kwenye telefone wengi wanakosea hapo.

Hatua ya 3. Jumlisha: 86.

Hatua ya 4. Gawanya kwa 4, yaani hesabu ya mashamba kutoa moja. 86 kwa 4 ni 21,5. Hii inaitwa variansi.

Hatua ya 5. Tafuta namba ambayo ukiizidisha na yenyewe inaleta 21,5. Ndiyo alama √ ya kwenye kalkilatrisi. Inatoka 4,64. Usisimame kwenye 21,5, kwani hiyo si kilo tena. Ni kilo zilizozidishwa na kilo. Hatua ya 5 ndiyo inayoturudisha kwenye kilo.

Kwa mbegu A, tofauti ni -2, 1, 0, -1, 2. Zikizidishwa na zenyewe, jumla ni 10. 10 kwa 4 ni 2,5, na √ yake ni 1,58.

Basi A ni kilo 10, na mtawanyiko wa kilo 1,58. B ni kilo 10, na mtawanyiko wa kilo 4,64, karibu mara tatu.

Kwa nini 4 na si 5?

Swali hili liliulizwa darasani, na ni swali zuri. Mashamba yalikuwa 5. Kwa nini tunagawanya kwa 4?

Tunachotaka kujua si hayo matano tu, ni mashamba yote ya wanamemba. Wastani wa kweli wa mashamba yote hatuujue. Tumetumia 10, ambayo tuliitoa kwa hayo matano yenyewe, kwa hiyo iko katikati yao kabisa. Jaribu kupima tofauti za B kutoka namba ingine, tuseme 11: jumla inakuwa 91, si 86. Ukiweka 9, ni 91 tena. Namba yoyote isiyo 10 inaleta jumla kubwa zaidi. Maana yake, kama wastani wa kweli si 10, ile 86 yetu ni ndogo kuliko inavyopaswa. Tukigawanya kwa 5 tutajidanganya kwamba mashamba yanafanana kuliko yanavyofanana kweli. Kugawanya kwa 4 kunarekebisha.

Na kwa nini kutoa moja, si mbili? Ficha tofauti ya mwisho ya B. Zinabaki -6, 4, 0, -3. Jumla ni -5. Ya tano haina uhuru: lazima iwe 5 ili jumla iwe 0. Tofauti tano, lakini zenye habari mpya ni nne tu.

Asiyeamini afanye hivi. Andika 2, 4 na 6 kwenye vikaratasi vitatu. Hapa tunavijua vyote, kwa hiyo tunagawanya kwa 3: variansi ya kweli ni 8 kwa 3, yaani 2,67. Sasa chukua kimoja kwenye kofia, kiandike, kirudishe, chukua tena. Kuna njia 9 za kupata namba mbili. Hesabu variansi ya kila njia, halafu wastani wa zote 9. Ukigawanya kila jumla kwa 2 unapata 1,33. Ukigawanya kwa 1 unapata 2,67 kamili.

Kwa hiyo: ukipima mashamba yote unayoyazungumzia, gawanya kwa hesabu yao yote. Ukipima machache ili kujua mengi, toa moja. Kwenye Excel, ya kwanza ni STDEV.P, ya pili STDEV.S.

Namba hii haisemi nini

Haisemi sababu. Ile kilo 4 ingeweza kutoka kwa mbuzi waliokula, au kwa mizani mbovu. Tulienda kuangalia shamba: udongo umechoka, na A ilitoa 8 palepale. Someni tena orodha mbili: palipo na udongo mzuri B inapita A, palipochoka inaanguka zaidi. Mashamba matano ni machache, na musimu ni mmoja; tutapima tena kwa mashamba mengi zaidi. Lakini kwa sasa, mwenye shamba lililochoka na deni la kilo 2 asichukue B kwa sababu tu wastani ni 10.