Alama Moja katika Jalada: Kuomba Masahihisho ya Kundi la Damu Lililoandikwa Kimakosa

Yako makosa mengi yanayoweza kuingia katika jalada la mgonjwa, kuanzia jina lililopungukiwa herufi hadi umri uliozidishwa miaka kumi. Machache ni mafupi na mazito kama kuandika "chanya" mahali palipostahili "hasi" katika kundi la damu la mwanamke mjamzito.

Mama mwenye Resus hasi akibeba mimba ya mtoto mwenye Resus chanya, damu ya mtoto yaweza kuingia katika mzunguko wa damu ya mama, hasa wakati wa kujifungua, mimba inapoharibika au tumbo linapopata jeraha. Mwili wa mama huweza kuiona damu hiyo kuwa ngeni na kuitengenezea kingamwili. Mtoto wa kwanza kwa kawaida husalimika. Anayedhurika ni wa mimba ifuatayo, ambaye chembe zake nyekundu hushambuliwa akiwa bado tumboni. Aweza kuzaliwa na upungufu wa damu na manjano kali, au asizaliwe hai. Kinga yake ni sindano ya anti-D, inayotakiwa kutolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto mwenye Resus chanya, na penye uwezo hutolewa pia karibu na wiki ya 28 ya ujauzito. Sindano hiyo haiondoi kingamwili zilizokwisha kutengenezwa. Mkunga anayepaswa kuamua nani aipate hutazama jalada, na jalada likisema chanya, mama huruhusiwa kwenda nyumbani bila kuulizwa jambo.

Hudhaniwa mara nyingi kuwa kosa la namna hii litanaswa na kipimo cha kupatanisha damu. Kwa makundi ya A, B na O dhana hiyo ina ukweli mwingi. Kwa Resus haina. Mama mwenye Resus hasi ambaye bado hajatengeneza kingamwili akipatanishwa na damu yenye Resus chanya, maabara itaona kwamba damu hizo zinapatana. Kosa litafichuka iwapo tu kundi lake litapimwa upya kwa sampuli mpya badala ya kunakiliwa kutoka katika jalada.

Na tuchukue mfano wa mama wa miaka 29, mwenye mimba ya pili, anayehudhuria kliniki ya hospitali ya mkoa akiwa na wiki 24. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa katika kituo cha afya cha wilaya nyingine, na kadi ya kliniki ya wakati ule, ambayo ameihifadhi, inasema O hasi. Karatasi ya majibu iliyobandikwa katika jalada la hospitali inasema O chanya. Mkunga anapozilinganisha, jambo analolijua kwa hakika ni moja tu: maandishi mawili yanapingana. Hajui bado lipi ni kosa, na wala mama hajui. Hapo ndipo waombaji wengi hujikwaa, kwa kuwa hufika ofisi ya kumbukumbu wakidai jalada "libadilishwe", ilhali hawajathibitisha kwamba lililomo ndilo lenye dosari. Ombi linalosimama imara husema kwamba kuna mgongano, huutaja mahali ulipo, kisha huomba uchunguzwe.

Afisa kumbukumbu, kwa upande wake, hana mamlaka ya kuamua kundi la damu la mtu. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba karatasi iliyo ndani ya jalada ni ya mwenye jalada, na kuhakikisha kwamba badiliko lolote limeandikwa na mwenye haki ya kuliandika. Kwa hiyo ombi huhitaji mambo mawili yanayokwenda pamoja: kufuatilia chanzo cha maandishi, na kipimo kipya.

Kufuatilia chanzo huanza na namba ya sampuli iliyo juu ya karatasi ya majibu. Namba hiyo hulinganishwa na rejista ya maabara ya siku ileile. Rejista ikisema O hasi na karatasi ikasema O chanya, kosa lilitokea wakati wa kunakili, nalo ndilo jepesi kuliko yote. Rejista ikionyesha kwamba namba hiyo ni ya mtu mwingine, karatasi imebandikwa katika jalada lisilo lake. Jambo hili hutokea hasa panapokuwa na wagonjwa wawili wenye majina mawili yanayofanana, na jina la tatu halikuandikwa. Lakini rejista, karatasi na jalada vikikubaliana vyote, na bado kadi ya zamani ikapinga, shaka huhamia kwenye kichupa chenyewe: huenda damu ya mgonjwa mmoja iliwekwa katika kichupa chenye jina la mwingine. Kosa hilo haliachi alama yoyote katika karatasi, wala hakuna ufuatiliaji wa maandishi utakaolifichua.

Ndiyo maana kipimo kipya ni cha lazima hata pale ambapo chanzo kimeonekana. Sampuli mbili zichukuliwe kwa nyakati mbili, ikiwezekana na watu wawili tofauti. Kila mara mgonjwa ajitajie mwenyewe majina yake matatu na tarehe ya kuzaliwa, kumuuliza "Wewe ndiye fulani?" hakutoshi, kwani mgonjwa mchovu huitikia jina lolote linalokaribiana na lake. Kichupa kiandikwe palepale mbele yake, baada ya damu kuingia, kamwe kisiandikwe mapema mezani. Majibu mawili yanayolingana yana uzito kuliko kadi yoyote ya zamani. Baadhi ya ofisi humtaka mgonjwa alete hati ya kiapo. Hati hiyo yafaa kwa kurekebisha jina au tarehe ya kuzaliwa. Kwa kundi la damu haithibitishi kitu, kwa sababu hakuna anayeweza kuapia kile ambacho maabara pekee ndiyo inayokiona.

Ipo hali moja ambapo majibu mawili yanayopingana yote ni ya kweli. Watu wachache wana kinachoitwa D hafifu: alama ya Resus ipo katika chembe zao lakini kwa nguvu ndogo, hivyo kitendanishi kimoja huiona na kingine hakiioni. Mtu wa namna hii akichangia damu, chupa yake huandikwa chanya ili kumlinda mpokeaji. Yeye mwenyewe akiwa mjamzito huweza kuhudumiwa kama mwenye Resus hasi. Kwa hiyo kadi ya mchangia damu inayosema chanya haitoshi kulikanusha jalada linalosema hasi. Maabara ikieleza kuwa ni D hafifu, hakuna kosa la kufutwa, huongezwa maelezo.

Katika mfano wetu, namba ya sampuli iliongoza kwa mwanamke mwingine wa miaka 19, mwenye majina mawili yaleyale, aliyepimwa siku hiyohiyo. Jibu la mama mwenyewe lilikuwa mistari miwili chini yake katika rejista: O hasi. Sampuli mbili mpya zikatoa O hasi. Barua yake iliandikwa hivi:

"Kwa Mkuu wa Idara ya Kumbukumbu za Wagonjwa. Yah: Ombi la kusahihisha kundi la damu katika jalada namba … Mimi, mwenye jalada lililotajwa, naomba maandishi ya kundi la damu yaliyo katika karatasi ya maabara ya tarehe … yachunguzwe na kusahihishwa. Karatasi hiyo inasema O chanya. Namba ya sampuli iliyo juu yake, kwa mujibu wa rejista ya maabara, si yangu. Naambatanisha nakala ya karatasi hiyo, nakala ya kadi yangu ya kliniki ya mimba ya kwanza, na majibu mawili mapya yaliyosainiwa na mtaalamu wa maabara. Nina ujauzito wa wiki 25, hivyo naomba jambo hili likamilike kabla ya wiki ya 28. Naomba nijibiwe kwa maandishi."

Barua hii haimlaumu mtu, nayo inataja ukurasa, tarehe na muda wa mwisho pamoja na sababu yake. Nakala za vielelezo ndizo zinazokabidhiwa. Asili hubaki kwa mgonjwa baada ya afisa kuziona. Nakala ya barua igongwe mhuri wa kupokelewa. Anayemtuma ndugu ampe idhini ya maandishi na kitambulisho, vinginevyo ofisi ina haki ya kukataa kumwonyesha jalada. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mhusika haki ya kuomba taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe, na si vibaya kuitaja.

Namna masahihisho yanavyoandikwa ina umuhimu wake. Maandishi ya zamani hayafutwi, hayapakwi wino mweupe, wala karatasi haichanwi. Hupigwa mstari mmoja unaoyaacha yasomeke, kisha huandikwa jibu sahihi, sababu, tarehe, saa, jina na saini ya mtaalamu aliyethibitisha. Katika mfumo wa kompyuta, ingizo jipya huwekwa na la kale hubaki katika historia ya jalada. Wapo wagonjwa wanaotaka kosa litoweke kabisa, na hisia hiyo yaeleweka. Lakini daktari aliyewahi kuamua tiba kwa kutegemea maandishi yale, na yule atakayeulizwa baadaye kwa nini aliamua hivyo, wote wanahitaji kuyaona.

Jalada likisahihishwa, nakala zake bado hazijasahihishwa. Kundi la damu huwa limekwisha kunakiliwa katika kadi ya ujauzito, rejista ya kliniki, fomu ya rufaa, na pengine katika kumbukumbu za benki ya damu. Kadi ndiyo ya kutazamwa kwanza, kwa kuwa ndiyo mama atakayokuwa nayo mkononi uchungu utakapomshika usiku. Wakati huohuo maabara imtafutie kingamwili, na mfamasia aulizwe mapema kuhusu anti-D, ambayo haipatikani kila kituo. Hakuna sababu ya matibabu kungoja ofisi imalize kazi yake: daktari akishapata majibu mapya huyafuata siku hiyohiyo.

Ofisi ikikataa, mgonjwa aombe sababu kwa maandishi na aandike maelezo yake ya kupinga, yaambatanishwe na ukurasa unaobishaniwa ili kila atakayeusoma ayaone. Kisha shauri lipelekwe kwa mganga mfawidhi, na likishindikana huko, kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kuna kazi moja zaidi ambayo barua ya mama haikuiomba, nayo ni ya hospitali. Karatasi iliyotolewa katika jalada lake ina mwenyewe. Yule mwanamke wa miaka 19 ama hana jibu la kundi la damu katika jalada lake, ama analo la mwenzake. Afisa kumbukumbu alifungue jalada hilo siku hiyohiyo, amjulishe daktari wake, na mwanamke huyo aitwe apimwe upya.