Mwarabu wa Marekani na kisanduku cha "Weupe"

Kwa Kiswahili jambo hili halina utata. Mzungu ni Mzungu na Mwarabu ni Mwarabu, awe mweupe kama maziwa au mweusi kama mkaa. Ndugu zetu wanaohamia Marekani hushtuka wakikabidhiwa fomu ya shule au ya hospitali na kukuta kwamba Myemeni, Mmisri na Mswidi wote wanatia alama mahali pamoja. Nimefundisha takwimu za watu kwa miaka mingi, na haya ndiyo maswali ninayoulizwa mara nyingi kuhusu kisanduku hicho.

Nani aliamua kwamba Mwarabu ni mweupe?

Mahakama, na hazikuwa zikizungumzia sensa. Zilikuwa zikizungumzia uraia. Sheria ya mwaka 1790 iliruhusu mgeni kuwa raia wa Marekani akiwa tu "mtu huru mweupe". Mwaka 1870, baada ya utumwa kufutwa, wakaongezwa watu wenye asili ya Afrika. Aliyekuwa nje ya makundi hayo mawili, Mchina kwa mfano, alibaki mgeni hadi kufa.

Mwishoni mwa karne ya 19 wakaanza kufika watu wa Shamu, wengi wao Wakristo wa Mlima Lebanoni, wakati huo wakiwa raia wa Dola ya Uthmaniya. Walitembeza bidhaa mlango kwa mlango, wakafungua maduka, kisha wakaomba uraia. Karani alipowauliza wao ni nani kwa mujibu wa sheria, majibu yaliyowezekana yalikuwa mawili tu. Wakachagua "weupe". Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo.

Walikubaliwa mara moja?

Ilitegemea jaji. Costa Najour alikubaliwa Georgia mwaka 1909. Miaka minne baadaye, katika jimbo jirani la South Carolina, Jaji Henry Smith alimkatalia Faras Shahid. Mwaka 1914 akaja mbele ya jaji huyohuyo mzee aitwaye George Dow, naye akakataliwa. Watu wa Shamu wakachanga fedha, wakaweka mawakili, wakaomba shauri lisikilizwe upya. Jaji Smith akalisikiliza na kumkatalia Dow mara ya pili.

Hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema tusitazame ngozi ya mtu, kwa sababu wapo Wazungu weusiweusi na watu wa Asia weupe. Tutazame waliotunga sheria mwaka 1790 walikuwa wakimfikiria nani, na kwa maoni yake walimfikiria mtu wa Ulaya na kizazi chake. Upande wa Dow ulijibu, pamoja na mengine, kwamba kama mtu wa Shamu si mweupe, basi hata Yesu angenyimwa uraia. Jaji akasema hiyo ni hoja ya kugusa moyo, haina mantiki.

Septemba 1915 mahakama ya rufaa ikatengua hukumu hiyo. Ilisema sheria ilikuwa imepitishwa upya katika miaka ya 1870, na kufikia wakati huo neno "weupe" kwa kawaida lilieleweka kuwajumuisha watu wa Shamu. Dow akapata haki yake. Angalia lakini kilichoamuliwa: maana ya neno moja la sheria. Swali la Dow anajiona nani halikuwa mbele ya mahakama.

Na Waislamu je?

Kwao ilichelewa zaidi. Mwaka 1942 Myemeni aitwaye Ahmed Hassan aliomba uraia Michigan. Jaji alitaja ngozi yake nyeusi, akataja na dini, kwamba utamaduni wa Kiislamu uko mbali mno na ule wa Ulaya, akamkatalia. Mwaka 1944, Massachusetts, Mohamed Mohriez, Mwarabu Mwislamu, akakubaliwa. Jaji wa safari hii alikumbusha jinsi elimu ya Waarabu ilivyoingia Ulaya. Pia hakuficha kwamba nchi ilikuwa vitani na ilihitaji marafiki. Kwa hiyo weupe wa Mwarabu ulipanda na kushuka ndani ya miaka miwili, naye Mwarabu ni yuleyule. Mwaka 1952 sharti la rangi likaondolewa katika sheria ya uraia.

Kama sharti liliondolewa, kwa nini kisanduku kimebaki?

Mwaka 1977 Ofisi ya Usimamizi na Bajeti, iliyo chini ya Ikulu, ilitoa mwongozo wa namna idara zote za serikali zitakavyowapanga watu. Mweupe ni nani? Mwenye asili ya Ulaya, Afrika Kaskazini au Mashariki ya Kati. Jibu la mahakama za uraia likawa tafsiri ya kitakwimu, likaingia katika fomu za shule, za ajira na za vizazi na vifo.

Ila kazi ya fomu ilikuwa imegeuka. Zamani ulihesabiwa mweupe ili upite mlangoni. Baada ya sheria za haki za kiraia za miaka ya 1960, serikali ilihesabu makundi ili ione nani anabaguliwa katika kazi, nyumba na kura. Aliyemezwa ndani ya kundi kubwa hakuonekana.

Kutoonekana huko kunamdhuru mtu vipi, hasa?

Chukua magonjwa. Mtafiti anayetaka kujua kama saratani fulani inawaua Waarabu wa Michigan kuliko majirani zao anafungua rejesta na kukuta wote wameandikwa weupe. Njia iliyotumika huko ni orodha ya majina: kompyuta inapitia rejesta ikitafuta majina ya Kiarabu. Sasa fikiria makosa yake. Mlebanoni ambaye babu yake alibadilisha jina liwe la Kiingereza anaachwa nje. Mwislamu wa Pakistani au wa Senegali mwenye jina la Kiarabu anaingizwa. Mwanamke aliyechukua jina la mumewe anahamia kundi la mume. Unapata kadirio, na hujui limepinda kuelekea wapi.

Basi kuna ubishi gani? Si waongeze kisanduku?

Ombi lilipelekwa tangu miaka ya 1990. Mwongozo ulipopitiwa mwaka 1997, wakubwa wakasema hakuna makubaliano juu ya nani angeingia ndani. Mwaka 2015 Idara ya Sensa ilifanya jaribio kubwa la dodoso zenye kisanduku cha Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini na nyingine zisizo nacho. Pasipo kisanduku, zaidi ya watu 80 kati ya 100 wenye asili hiyo walitia alama kwenye weupe. Kilipokuwepo, waliotia alama ya weupe walishuka hadi takriban 20. Wataalamu wa Idara wakapendekeza kiwekwe. Januari 2018 ikatangazwa kwamba sensa ya 2020 haitakuwa nacho.

Sensa hiyo iliacha nafasi ya kuandika asili yako chini ya "Weupe", na mifano iliyochapishwa hapo ilikuwa pamoja na Mlebanoni na Mmisri. Wengi hawakutaka. Wakaruka chini hadi kwenye "rangi nyingine", wakaandika Mlebanoni au Myemeni huko. Haikusaidia: wakati wa kuchakata majibu, kwa kufuata mwongozo, neno hilo lilirudishwa kwenye kundi la weupe. Mtu amekataa kwa mkono wake, mashine ikamrejesha. Faida moja ni kwamba maandishi yenyewe yalihesabiwa pembeni, wakapatikana watu milioni 3.5 waliotaja asili ya eneo hilo. Katika mji wa Dearborn, Michigan, walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi.

Waarabu wote wanakitaka?

La, na wanaokikataa wana sababu. Wapo Walebanoni ambao familia zao ziko huko kwa zaidi ya karne, wanaojiona weupe na wamezoea. Wengine wanaogopa. Mwaka 2002 na 2003, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, Idara ya Sensa iliwapa maofisa wa usalama jedwali la idadi ya watu wa asili ya Kiarabu, mji kwa mji na hata kwa namba za posta. Halikuwa na majina, na takwimu zenyewe zilikuwa za wazi kwa yeyote. Habari ilipofichuka mwaka 2004, maelezo hayo hayakumtuliza mtu. Kwa nini nikuambie ninapokaa, halafu umwambie yule? Mimi naunga mkono kisanduku, lakini hofu hiyo siidharau.

Kuna pia matumaini yaliyozidi. Sheria ya kura inayolazimisha maeneo fulani kuchapisha karatasi katika lugha nyingine imetaja makundi yake: wenye lugha ya Kihispania, watu wa Asia, Wahindi Wekundu na wenyeji wa Alaska. Kiarabu hakimo. Kuhesabiwa peke yako hakukuingizi katika sheria hiyo, mpaka Bunge liibadilishe.

Na sasa mambo yamefikia wapi?

Machi 2024 mwongozo ulibadilishwa. Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini ikawa kundi linalojitegemea, na idara zikapewa miaka mitano kurekebisha fomu zake. Tazama jina: si kisanduku cha Waarabu. Mwirani yumo, Mwisraeli yumo. Msomali, ambaye nchi yake ni mwanachama wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu tangu 1974, ametajwa kama mfano chini ya weusi. Uingereza walikata njia nyingine. Sensa ya 2011 ya Uingereza na Wales iliweka neno "Mwarabu" waziwazi, wakajitokeza takriban 230,000, na miaka kumi baadaye takriban 332,000.

Mimi ni wa Unguja, babu yangu ametoka Omani, bibi zangu wa Makunduchi. Niko Marekani. Niweke alama wapi?

Swali lako si geni kwetu. Mombasa, sheria ya kodi ya mwaka 1910 ilipowaweka Thenashara Taifa upande wa "wenyeji", walihangaika miaka mingi wahesabiwe Waarabu, kwa kuwa kundi ndilo lililoamua kodi na heshima. Kwao ofisa ndiye aliyewapanga. Kwa fomu za sasa za Marekani unajitaja mwenyewe, na tangu sensa ya 2000 unaruhusiwa kutia alama zaidi ya moja. Hakuna atakayekudai shajara ya ukoo.

Kwenye fomu mpya weka alama kwa weusi, weka na kwa Mashariki ya Kati, kisha andika Omani na Zanzibar kwenye nafasi za maandishi. Utahesabiwa kote kuwili. Kwenye fomu ya zamani ukiandika Omani peke yake, hata ukiiandika chini ya "rangi nyingine", utatoka upande wa pili mweupe, na bibi zako wa Makunduchi hawatakuwemo.