Tabaka za Ardhi: Mawimbi ya Tetemeko Yanatuambia Nini?



Katika darsa na katika makundi ya simu huzunguka dai kwamba sayansi imehesabu tabaka saba za ardhi, na kwamba hesabu hiyo inathibitisha aya ya 12 ya Surat At-Talaq. Kabla ya kulikubali au kulikataa, tujiulize: wanasayansi wenyewe wamejuaje yaliyomo chini yetu? Hakuna aliyefika huko. Shimo refu kuliko yote yaliyochimbwa, lile la Kola nchini Urusi, liliishia kilomita 12 na kidogo, na kutoka hapa hadi katikati ya dunia ni kilomita 6,371. Karibu yote tunayoyajua kuhusu tabaka hizo yameletwa na mawimbi ya matetemeko. Basi tuchukue tetemeko la kwetu tulifuate safari yake.

Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008

Saa tatu na nusu asubuhi, ardhi ilipasuka chini ya eneo la Ziwa Kivu, kaskazini ya Bukavu. Ukubwa wa tetemeko ulikuwa 5.9. Upande wa Rwanda, katika Rusizi na Nyamasheke, walikufa zaidi ya watu 30, baadhi yao wakiwa ndani ya makanisa yaliyoporomoka.

Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili yanayopita ndani ya ardhi. La kwanza, linaloitwa P, husukuma na kuvuta mwamba kuelekea kule linakokwenda, kama sauti inavyofanya hewani. La pili, S, hutikisa mwamba kukingama na njia yake. P hupita katika kitu kigumu na katika kimiminika. S hupita katika kigumu tu, kwa sababu kimiminika kikisukumwa upande hakirudi mahali pake.

Katika mwamba wa juu, P huenda kama kilomita 6 kwa sekunde na S kama 3.5. Rusizi II iko kama kilomita 35 kutoka kitovu cha tetemeko lile. P ilihitaji takriban sekunde 6 kufika, na S sekunde 10. Ndiyo maana katika tetemeko la karibu mtu huhisi kwanza mshtuko mfupi, kisha baada ya sekunde chache huja mtikisiko mkubwa unaobomoa kuta. Pengo hilo ndilo kipimo cha umbali: kila sekunde moja ya pengo ni kama kilomita 8. Vituo vitatu vikipima mapengo yao, kitovu hujulikana.

Njia ndefu inayowahi

Sasa twende Mbarara, Uganda, kama kilomita 280 kutoka kitovu. Kwa njia ya moja kwa moja katika mwamba wa juu, P ingefika baada ya sekunde 47. Lakini kuna njia nyingine: kushuka kilomita 35 hivi, kusafiri katika mwamba wa chini ambamo kasi ni kilomita 8 kwa sekunde, kisha kupanda tena. Njia hii huchukua sekunde kama 43. Ni sawa na dereva anayeacha barabara ya vumbi na kuzunguka kufuata lami: anakwenda mbali zaidi lakini anawahi.

Karibu na kitovu, njia ya juu hushinda. Kwa namba hizi, njia ya chini huanza kushinda ukipita kilomita 185 hivi. Ukiujua umbali huo kutokana na vipimo, unaweza kukokotoa unene wa ganda. Mwaka 1909 Andrija Mohorovičić, akichunguza tetemeko la karibu na Zagreb, aliona P mbili zikifika kwa nyakati tofauti, akatambua kwamba chini ya ganda kuna mwamba mwingine wenye kasi kubwa zaidi. Mwamba huo tunauita joho.

Kivuli cha kiini

Kadiri mawimbi yanavyoshuka katika joho, kasi huongezeka, na njia yao hujipinda taratibu kurudi juu. Kupinda huku ni kule kwa mwanga unaotoka hewani kuingia katika kioo, na kanuni yake ilijulikana kwa Ibn Sahl wa Baghdad kwenye karne ya 10. Wimbi linalotoka Kivu kwenda Makka hushuka mamia ya kilomita ndani ya joho na kufika baada ya dakika tano na nusu hivi.

Umbali mkubwa tunaupima kwa nyuzi, yaani pembe kati ya tetemeko na kituo ukisimama katikati ya dunia. Makka iko nyuzi 26 kutoka Kivu. Hadi nyuzi 104 hivi, P hufika vizuri. Baada ya hapo hutoweka, kisha huonekana tena kwa nguvu karibu na nyuzi 140. Tokyo, iliyo nyuzi 108 kutoka kwetu, imo ndani ya kivuli hicho.

Sababu ni kwamba kwenye kina cha kilomita 2,890 kasi ya P huanguka ghafla kutoka karibu 13.7 hadi 8 kwa sekunde. Wimbi linaloingia humo hupindishwa kuelekea ndani na kutokea mbali zaidi. S ya moja kwa moja haivuki kabisa. Hicho ni kiini cha nje, na ni kimiminika. Mwaka 1926 Harold Jeffreys alilithibitisha jambo hili kwa ushahidi mwingine: mvuto wa mwezi huinyumbulisha dunia nzima kuliko ambavyo ingenyumbulika kama ingekuwa ngumu hadi katikati.

Hata hivyo kivuli hakikuwa cheusi kabisa. Ndani yake vituo vilipata mawimbi dhaifu ya P yasiyotarajiwa. Mwaka 1936 Inge Lehmann wa Denmark, akitumia hasa tetemeko la New Zealand la 1929, alionyesha kwamba mawimbi hayo yanaelezeka ikiwa katikati ya kiini kuna kiini kingine chenye kasi kubwa zaidi, kinachoyarudisha nje baadhi ya mawimbi. Leo mpaka wake unawekwa kwenye kina cha kilomita 5,150 hivi, na tunajua ni kigumu. Wimbi linalotoka kwetu likapita humo kwenda ng'ambo ya pili ya dunia, katikati ya Bahari ya Pasifiki, hutumia kama dakika 20.

Je, ni saba?

Tumepata ganda, joho, kiini cha nje na kiini cha ndani: nne. Anayetazama kemia hutaja tatu, kwa kuwa viini vyote viwili ni chuma kwa sehemu kubwa. Anayeligawa joho kwa mipaka ya kilomita 410 na 660, ambako madini hubadilika umbo kwa shinikizo, hupata sita. Akiongeza ukanda wa chini kabisa wa joho, anafika saba. Akigawa na ganda mara mbili, anapata nane. Mipaka ni ya kweli na imepimwa, lakini idadi inategemea unachokihesabu.

Kwa hiyo tusiifunge aya kwenye hesabu hii. Wafasiri walitofautiana kuhusu maana ya ardhi saba kabla ya kuwepo kipima tetemeko chochote, na aya haikungoja Lehmann ili iwe kweli. Tukimwambia mwenzetu kwamba hoja ya imani ni tabaka saba, kisha mhadhiri wake wa jiolojia akamfundisha nne, tutakuwa tumemwekea shaka pasipokuwa na shaka.

Wallahu aalam.